Chanjo ya homa ya mafua kila mwaka: kinga au biashara?

Bwana Chuma: Surua nilichanjwa utotoni, mpaka leo niko salama. Homa ya mafua wanataka nichanje kila mwaka. Hiyo ni chanjo au ada ya shule?

Kijana wa Keko: Biashara tupu. Chemsha tangawizi, lala.

Dada wa Maabara: Tangawizi ni ya kamasi, ndugu. Kirusi cha influenza kikijinakili kinakosea, wala hakina wa kukisahihisha. Makosa mengi yanakiua chenyewe, ila machache yanaangukia kwenye protini ya juu, palepale kingamwili zako zinapokishika. Za mwaka jana zinateleza. Surua nayo inakosea, lakini ikibadilisha sehemu hizo inashindwa kuingia kwenye seli.

Mwalimu Mstaafu: Ndivyo. Kinabadilika kidogo kidogo, siku moja kinakuwa janga kama 2009.

Dada wa Maabara: Hapo hapana, Mwalimu. Janga lina njia yake. Vinasaba vya kirusi hiki viko vipande 8. Virusi viwili vikikutana ndani ya seli moja, vipande vinachanganyika na anazaliwa mgeni kwa mkupuo mmoja. Cha 2009, aina ya H1N1, kilitoka kwa nguruwe: vipande 6 vya ukoo wa Amerika Kaskazini, 2 vya Ulaya na Asia.

Abu Swafaa: Nguruwe! Tulikatazwa bure?

Mla Kitimoto: Shehe, haiambukizi kwa nyama iliyoiva. Misri walichinja nguruwe wao 2009 kabla hawajapata mgonjwa hata mmoja. Taka zikajaa Cairo, maana wazoa taka ndio waliokuwa wakiwafuga. Juni kirusi kikaingia na abiria wa ndege.

Abu Swafaa: Nimesema kula? Soma kwanza ndipo ujibu.

Mama Zena: Achaneni na nguruwe. Mwaka huo tulikuwa Muscat, tuliugua mimi na wanangu wote. Mama yangu mzee ndiye aliyetuuguza, hata chafya hakupiga. Wazee si ndio dhaifu?

Dada wa Maabara: Kwa mama siwezi kuapa, ila wengi waliozaliwa kabla ya 1957 walikuwa na kinga kiasi. Ukoo wa H1N1 wa 1918 ulizunguka kwa watu hadi 1957, ukapisha aina nyingine, H2N2. Uliishi pia kwa nguruwe, na huko protini ile ya juu ilibadilika polepole, hivyo iliporudi 2009 miili ya wazee iliitambua.

Bwana Chuma: Na 2014 Marekani? Walichanja, aina ya H3N2 ikawapata vilevile.

Dada wa Maabara: Kweli, chanjo ilikuwa dhaifu msimu ule. Aina za kuchanjia huteuliwa Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia, kisha kuzikuza kwenye mayai na kuzifungasha ni kama miezi sita. H3N2 ikabadilika katikati. Hata hivyo, kinga kidogo si sawa na hakuna.

Bwana Chuma: Kidogo kwa bei ileile.

Mwalimu Mstaafu: Septemba huteuliwa ya kusini. Sisi wa ikweta mafua hayana msimu mmoja. Tuchanje ipi?

Mla Kitimoto: Shehe, nimesoma. Uliandika "tulikatazwa bure". Bado nangoja maana yake.