Tupeane uzoefu: Pinterest imewahi kukuletea mteja au msomaji wa kweli?

Mtoto wa Kihesa
Wakuu habari zenu. Kuna jamaa kanikera leo, anasema Pinterest ni ya kutafutia mishono ya harusi tu, biashara hakuna. Mimi nauza vikapu vya Iringa, vile vya milulu, nina kaduka mtandaoni. Instagram picha ikimaliza siku mbili tatu imezikwa. Kule Pinterest kuna pini moja, yaani picha yenye linki ya duka langu, niliiweka zamani mpaka nikaisahau, na bado inaniletea watu. Hebu tupeane uzoefu: picha gani iliwavuta watu, na mnaziweka kwa mpangilio gani?

Jiko la Bi Mdogo
Kweli kabisa. Mahamri yangu ndiyo yanayobeba blogu nzima.

Chuma Ulete
Hizo pini ni zile za sumaku za kubania mtandio? Bei gani jumla?

Kahawa Chungu
Siri ni wingi. Mwaga pini thelathini kwa siku, linki ileile, kwenye mbao zako zote za kupangia pini. Ndivyo tulivyofundishwa kwenye kozi, na tulilipia.

Fundi wa Picha
@Kahawa Chungu hiyo ilikuwa inafanya kazi enzi hizo, siku hizi ndiyo njia ya haraka ya kuonekana spamu. Ngoja niwape kisa cha mteja wangu mmoja, naye anauza vikapu, wanunuzi wake wengi wako Marekani.

Kabla ya kupiga picha hata moja tulikaa kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiandika `woven basket` chini yake yanajitokeza maneno mengine ambayo watu huyatafuta. Tukaona watu wanataka vikapu vya kutundika ukutani, vya kuwekea mimea, vya kufulia. Maneno hayo ndiyo tuliyoyaweka kwenye kichwa cha pini, kwenye maelezo na kwenye jina la ubao. Ubao wake ulikuwa unaitwa "Vitu vizuri", nani atautafuta huo?

Halafu tukachukua ukurasa mmoja wa duka na kuutengenezea picha tofauti kabisa: kikapu chenye mmea, vikapu vitatu ukutani, mikono inasuka, kikapu kimeshikwa na mtu ili ukubwa uonekane. Zote za kusimama, 1000 kwa 1500. Ukiweka picha ya kulala kwenye simu inakuwa kijikaratasi, mtu anaipita. Maandishi juu ya picha ni maneno manne matano, herufi nono, rangi inayopingana na mandhari. Kipimo changu: ishike simu mbali kwa urefu wa mkono. Usiposoma, kuza herufi.

Hatukuzimwaga siku moja. Tulizipangia tarehe, picha moja ya ukurasa ule kwa wiki, katikati tunaweka za kurasa nyingine. Wiki za mwanzo kimya kabisa, mteja akanuna, akataka hela yake.

Baadaye ile ya mmea ikapanda sana kwa kuonekana, ila ukiangalia `Outbound clicks`, yaani waliotoka kule na kuja dukani, ni wachache. Watu waliihifadhi kwa ajili ya mmea! Ile ya ukutani ilionekana kidogo lakini waliobofya walikuwa wengi zaidi. Hata hivyo hawakununua, kwa sababu picha inaonyesha vitatu na ukurasa unauza kimoja. Tukatengeneza ukurasa wa seti ya vitatu, pini mpya tukazielekeza huko. Hapo ndipo oda zikaanza.

Kahawa Chungu
Sawa fundi, lakini mwenzangu wa kozi anamwaga mpaka leo na hajafungiwa.

Fundi wa Picha
Muulize `Outbound clicks` zake, usimuulize za kuonekana.

Mtoto wa Kihesa
Hapo kwenye kimoja na vitatu umenigusa. Sasa mzigo wa Krismasi mnaanza kuuweka lini?

Jiko la Bi Mdogo
Septemba. Mapishi ya futari mimi naanza kuyaweka miezi miwili kabla ya mwezi mtukufu. Ukingoja mwezi uandame umechelewa, injini inahitaji muda kuijua picha yako.

Mswahili Halisi
Swali langu: kwa nini maneno yote Kiingereza? Tunajidharau. Mimi naandika "jinsi ya kupika vitumbua" na ninajivunia.

Jiko la Bi Mdogo
Jivunie kaka, ila wangapi wamebofya? Wasomaji wangu wengi ni watoto wetu waliokulia Toronto na London, wanaandika `mandazi recipe`. Jina la chakula ni letu, mapishi nimeyaweka kwa lugha zote mbili.

Mswahili Halisi
Ndivyo lugha zinavyokufa.

Jiko la Bi Mdogo
Lugha haifi kwa pini, jamani. Hebu tuache.

Ukili na Ushanga
Niseme langu, maana limenikaa kooni. Mama yangu ndiye msukaji. Nilimpiga picha mikono tu, vidole vimeshika ukili, ana pete yake ya fedha yenye ufa. Picha ikapaa. Siku moja mteja ananitumia skrinishoti: "Mbona kwako ni ghali, huku wanauza nusu bei?" Naangalia, ni mikono ya mama! Pete ileile, ufa uleule. Wamelikata jina langu pale chini, wakaipandisha picha upya, linki inakwenda kwenye duka linalouza vikapu vya kiwandani. Na hiyo ya kwao ilikuwa imehifadhiwa na watu wengi kuliko yangu. Mama akaniuliza, "Kwa hiyo mikono yangu inafanya kazi kwa nani?" Nilikosa jibu.

Mtoto wa Kihesa
Dah. Pole sana dada.

Chuma Ulete
Washitaki! Wataje hapa!

Kahawa Chungu
Andika jina lako katikati ya picha, kubwa, wakome.

Fundi wa Picha
Katikati itaua picha, hakuna atakayeihifadhi. Jina liwe dogo lakini lipite juu ya bidhaa yenyewe, akilikata anakata na kikapu. Dada, ulithibitisha tovuti yako? Ile ya kubandika mstari huu kwenye kichwa cha ukurasa:

```
<meta name="p:domain_verify" content="namba yako"/>
```

Ukili na Ushanga
Nilifanya. Ila hiyo inaweka jina lako kwenye pini zinazotoka tovuti yako. Mtu akipakua picha na kuipandisha kwake haimgusi. Nilijaza fomu ya hakimiliki, nikaambatisha linki ya pini yangu na ya kwao. Baadhi ziliondolewa, kisha zikaibuka nyingine kwenye akaunti tofauti.

Mswahili Halisi
Sasa mnaona? Mngekaa na WhatsApp yenu.

Bwana Mizigo
WhatsApp nayo ina yake. Dogo wangu aliweka linki za kufupishwa za kwenda WhatsApp kwenye pini zake zote, zikazuiwa. Weka linki ndefu ya duka lako.

Jiko la Bi Mdogo
@Ukili na Ushanga mimi nisingeacha kuweka picha za mama. Piga nyingine kila mwezi, yule mwizi ana moja tu.

Ukili na Ushanga
Mama hataki kupigwa tena. Sasa natumia za ukutani kama alivyosema fundi, wanabofya, ila wakiona nauli ya kifurushi kutoka Dar wanatoweka. Hiyo mnaitatuaje?

Bwana Mizigo
Ingiza nauli kwenye bei.

Mtoto wa Kihesa
Mimi nilijaribu, wakasema kikapu ghali. Nangoja majibu ya wengine.