Naomba ushauri: namba ya kisanduku katika ukaguzi wa sudoku

Ndugu wataalamu, ninakagua gridi ya sudoku ya 9 kwa 9 kwa seti 9 za safu mlalo, 9 za safu wima na 9 za visanduku, nikiruka seli tupu kabla ya kutafuta marudio. Awali gridi halali ilikataliwa kwa sababu niliandika `r//3 + c//3`, hivyo tarakimu 5 iliyoko (0,4) na nyingine iliyoko (4,0) zikaangukia seti moja, namba 1, ingawa visanduku vyake ni tofauti. Nimerekebisha hivi:

```python
b = (r//3)*3 + c//3
```

Sasa ya kwanza inapata 1 na ya pili 3. Je, nibaki na hesabu hii, au nitumie jozi `(r//3, c//3)` kama ufunguo wa kamusi, ambayo kwangu inaonekana ngumu zaidi kuikosea?