Verizon na T-Mobile: ipi kubwa, ipi rahisi?

Kutoka: Mwanaidi, Minneapolis

Wanajumuiya, poleni na baridi. Nataka kununua hisa chache za kampuni ya simu, maana bili ya simu hata aliyefilisika analipa. Nina ripoti za mwaka 2023 za Verizon na T-Mobile, nikatumia na bei za mwisho wa mwaka huo. Hisa zote za Verizon sokoni zilikuwa kama dola bilioni 158, za T-Mobile kama bilioni 190. Nikasema basi, T-Mobile ndiyo kubwa. Lakini kwenye simu, chini ya Market Cap, yaani hiyo thamani ya hisa zote, kuna mstari wa Enterprise Value, na hapo Verizon inaongoza tena kwa mbali. Halafu hisa moja ya Verizon ilikuwa dola 37 na ushee, ya T-Mobile 160. Sasa ipi ndiyo rahisi?

Kutoka: Rashidi, Houston

Dada Mwanaidi, bei ya hisa moja isikubabaishe. Keki ile ile unaweza kuikata vipande vinne au arobaini. Huo mstari wa pili ni hivi: chukua thamani ya hisa zote, jumlisha madeni, toa fedha taslimu. Verizon inadaiwa kama bilioni 151 na taslimu ina kama 2 tu, kwa hiyo inafika 307. T-Mobile inadaiwa kama 75, ina taslimu kama 5, inafika 260. Kwa kifupi Verizon imekopa sana ndiyo maana thamani yake imepanda. Benki haimkopeshi asiye na mali.

Kutoka: Mzee Salim, Toronto

Rashidi mwanangu, hesabu yako iko sawa, maelezo ndiyo yamekwenda upogo. Nimekaa miaka mingi dirisha la mikopo ya makampuni kabla ya kustaafu, na kosa hili nimelisikia hata kwa wenye tai.

Tuseme leo Verizon inakopa kwa kuuza hatifungani za bilioni 10 na kuziweka fedha benki. Deni limepanda 10, taslimu imepanda 10, na thamani ya biashara nzima iko pale pale. Kukopa hakujaongeza mnara hata mmoja. Tunajumlisha deni kwa sababu anayetaka biashara yote, minara, masafa ya mawimbi ya simu na wateja, hawezi kuwalipa wenye hisa peke yao akaondoka. Wakopeshaji nao wana fungu lao ndani yake, na kila mwaka wanachukua chao kwanza. Mwaka 2023 Verizon ililipa riba ya kama bilioni 5.5 kabla mwenye hisa hajaona kitu. Taslimu tunaitoa kwa sababu mnunuzi anaikuta kwenye akaunti, anaweza kupunguzia deni siku hiyo hiyo.

Na deni lenyewe lina historia. Mwaka 2014 Verizon iliwalipa Vodafone kama bilioni 130, taslimu na hisa, kununua asilimia 45 ya Verizon Wireless waliyokuwa nayo. Mwaka 2021 ikatoa zaidi ya bilioni 45 kwenye mnada wa masafa. Wateja ni wale wale, ila biashara imegeuka kuwa ya wakopeshaji karibu nusu.

Sasa swali la Mwanaidi, ipi rahisi. Ukigawanya bei ya hisa kwa faida ya kila hisa, Verizon inatoka kama 14 na T-Mobile kama 23. Utadhani Verizon inagawiwa bure. Sasa chukua thamani ya biashara nzima uigawe kwa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kwa namna kampuni zenyewe zinavyoihesabu, faida hiyo ilikuwa kama bilioni 48 kwa Verizon na 29 kwa T-Mobile. Unapata 6.4 na 9. Verizon bado ni rahisi, lakini pengo limepungua. Sehemu ya ule urahisi ilikuwa malipo ya hatari ya deni.

Hatari yenyewe ni hii. Tuseme biashara zote mbili zinapoteza asilimia 10 ya thamani. Verizon inashuka kutoka 307 hadi 276, lakini deni halishuki, linabaki 149 baada ya kutoa taslimu. Wenye hisa wanabakiwa na 127 kutoka 158: wamepoteza karibu asilimia 20. Kwa T-Mobile, 260 inakuwa 234, ukitoa 70 inabaki 164, hasara ya kama asilimia 14. Upepo mmoja, maumivu mbalimbali.

Kutoka: Bi Zuhura, London

Shikamoo Mzee Salim. Umenitia hofu. Nina hisa za Safaricom nilizonunua 2008 kwa shilingi tano, na hao Vodafone nasikia ndio wakubwa wao. Sasa kampuni ikishindwa kulipa madeni, watakuja kutudai sisi wenye hisa? Nyumba yangu iko Likoni, sitaki maneno na benki.

Kutoka: Mzee Salim, Toronto

Marahaba Bi Zuhura, nyumba ya Likoni iko salama. Mwenye hisa hadaiwi zaidi ya alichokwisha kutoa. Ila kampuni ikivunjwa wewe ni wa mwisho kwenye foleni, nyuma ya wakopeshaji wote. Na ya Verizon hayahusiani na Safaricom. Vodafone walilipwa wakaenda zao.

Kutoka: Hemedi, Bonn

Salaam. Mbona tovuti ninayotumia mimi inaonyesha deni la Verizon ni 175, si 151? Nani mwongo?

Jingine: huku nina hisa za Deutsche Telekom, ambao tangu 2023 wana zaidi ya nusu ya T-Mobile ya Marekani. Nikigawanya kama alivyofanya Mzee, wanatoka rahisi mno. Nimegundua dhahabu?

Kutoka: Mzee Salim, Toronto

Hakuna mwongo. Hiyo 24 ya ziada ni mikataba ya kukodi minara, maduka na majengo, ambayo tovuti nyingine huihesabu kama deni. Ubaya ni kwamba kwa vitabu vya Marekani malipo hayo ya kukodi yameshakatwa kwenye faida ya 48. Ukiiongeza hiyo 24 kwenye deni umemtoza mtu mara mbili. Ulaya, tangu 2019, mikataba kama hiyo inaingia vitabuni kama deni na malipo yake hayakatwi kwenye faida ile. Kwa hiyo usilinganishe Deutsche Telekom ya Bonn na Verizon ya New York kwa namba za tovuti bila kuangalia hapo. Na ukitaka kuongeza, ongeza kote: T-Mobile wana mikataba ya zaidi ya bilioni 30.

Dhahabu yako, Hemedi, ni hivi. Faida ya T-Mobile yote na deni lake lote vimo kwenye vitabu vya Deutsche Telekom, lakini hisa za Bonn zinabeba nusu na kidogo tu. Nusu ya pili ni ya watu wengine, lazima uijumlishe nayo kwenye thamani ya biashara nzima.

Kutoka: Hemedi, Bonn

Naijumlisha kwa bei gani? Vitabuni imeandikwa kiasi pungufu, sokoni kwa bei za mwisho wa 2023 ilikuwa karibu bilioni 90 za dola.

Kutoka: Rashidi, Houston

Ya vitabuni, ndiyo iliyokaguliwa. Bei ya soko kesho inabadilika.

Kutoka: Mzee Salim, Toronto

Mimi ningetumia ya sokoni, Rashidi. Hisa zote za Bonn umezihesabu kwa bei ya soko, halafu zile za wenzao uzihesabu kwa bei ya daftari?

Kutoka: Mwanaidi, Minneapolis

Asanteni. Mzee, je, deni la Verizon linaiva lini, na kwa riba gani? Naona ukurasa wa hatifungani kwenye ripoti una miaka hadi 2061.