Mrejesho: meseji za kuwadai wateja wa uchapishaji

Swali langu lilikuwa: "Wateja wakichelewa kulipa nawaandikia 'Lipa hela yangu, nimechoka na ahadi zako.' Hawajibu. Niandikeje bila kuonekana mnyonge?"

Asanteni wakuu. Kilichosaidia zaidi ni kuhamisha lawama kutoka kwa mtu kwenda kwenye ankara. Ukiandika "umenidanganya", mteja anajibu tusi na deni linasahaulika. Sasa meseji ya wiki mbili baada ya tarehe ya malipo inasomeka hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Ankara namba 014 ya Sh 480,000 ilipaswa kulipwa tarehe 5 Machi, na hadi leo malipo hayajaingia. Naomba yakamilike kabla ya Ijumaa tarehe 20, saa 10 jioni. Ankara nimeiambatanisha. Kama umeshalipa, nitumie ujumbe wa muamala. Kama kuna kasoro kwenye kazi, nijulishe leo."

Sentensi ya mwisho inafunga mlango wa kisingizio cha "mzigo ulikuwa na shida" kinachozuka mwezi baadaye.

Nimefuta "kama hutajali" na "ukipata nafasi". Zinasikika vizuri ila zinaua tarehe. Kwa kampuni naongeza namba ya LPO, yaani hati yao ya kuagiza kazi, maana bila hiyo mhasibu anaweza kuiweka ankara kando, hata bosi akiwa ameridhia.

Anayesema "nitalipa kidogo kidogo" namwomba aandike kiasi na tarehe ya kila awamu. Meseji ya tatu inasema kazi mpya itaanza deni likiisha. Polisi siwataji.