MREJESHO: Mtamba aliyekuwa anahema

Niliuliza: "Mtamba wangu ameacha kula, anahema. Nimwite daktari wa mifugo usiku huu au nisubiri asubuhi?"

Ndugu wafugaji, asanteni. Nilianza na pumzi kama mlivyonielekeza, nikiwa mbali kabla hajashtuka, nikitazama ubavu unavyopanda na kushuka. Alipumua mara 56 kwa dakika. Usiku ulikuwa wa baridi na alikuwa ametulia, kwa hiyo joto la hewa halikuwa sababu. Ng'ombe aliyepumzika kwenye ubaridi huwa 10 hadi 30 hivi.

Mapigo niliyapata chini ya shina la mkia, katikati, kwa vidole viwili: 104, wakati kawaida ni 60 hadi 80. Kisha kipimajoto, nimekipaka mafuta na kukifunga uzi, nikakiinamisha kiguse ukuta wa njia ya haja kubwa. Kikichomekwa katikati ya kinyesi husoma chini ya ukweli. Kilisoma 41.1, na kawaida haizidi 39.3.

Kimoja kikipanda peke yake ningepima tena baada ya saa moja. Vyote vitatu pamoja, na mtoki umevimba chini ya sikio, nikapiga simu palepale. Daktari alisema ni ndigana kali, akamchoma buparvakwoni. Alisisitiza kwamba maji yakishajaa mapafuni, povu likatoka puani, dawa hiyo mara nyingi haiokoi.

Leo joto ni 38.9, pumzi 28, na anacheua. Mtoki bado haujanywea.