Tupeane uzoefu: kofia zimeuzwa, hela bado, Idd imefika

Muuza Kofia, Malindi
Assalaam aleikum. Nauza kofia za mashine kwenye soko la mtandaoni. Nanunua Mombasa kwa shilingi 700, nauza 1,200. Soko hukata asilimia 10, hushikilia hela mpaka siku 7 za kurudisha bidhaa zipite, na hulipa Ijumaa tu. Katikati ya Ramadhani oda zilipanda kutoka 10 kwa wiki hadi 20. Nikaishiwa hela ya mzigo, nikawa nakataa wateja huku kofia nilizouza bado hazijalipwa. Iliniuma sana. Wenzangu mnafanyaje?

Jirani wa Mambrui
Pandisha bei dadangu, weka 1,400. Faida ikinona hutahangaika.

Baba Shela
Pole. Mimi nilikosea tarakimu moja ya M-Pesa, nikapiga simu huduma kwa wateja, hela ikarudi. Piga na wewe.

Muuza Kofia, Malindi
Ahsante kaka, lakini yangu haijapotea. Siku yake ndiyo haijafika.

Bi wa Amu
Bei itakuongezea faida, Ijumaa itabaki pale pale. Hesabu siku, mwanangu. Mzigo siku 3 kutoka Mombasa, siku 4 kumfikia mteja, 7 za kurudisha, na pengine 7 nyingine za kungojea Ijumaa. Hizo ni wiki 3. Kila kofia inakula 700 na kama 50 za kufunga na kusafirisha, basi oda 10 kwa wiki zinataka 22,500 zako mwenyewe zizunguke. Zikifika 20, zinataka 45,000. Ndiyo maana biashara ilipochangamka ndipo ulipokauka.

Mimi huku kisiwani nahesabu zaidi, maana kifurushi huvuka kwa boti hadi Mokowe ndipo kipande basi. Ijumaa hela ikiingia, kwanza natenga 750 kwa kila kofia iliyolipwa, kwenye laini nyingine ya simu. Kinachobaki ndicho cha nyumbani.

Muuza Kofia, Malindi
Hapo ndipo nilipoteleza. Kofia 10 ziliniletea 10,800, nikalipa karo yote. Kumbe yangu ilikuwa 3,300 tu.

Bi wa Amu
Tena angalia taarifa ya malipo. Kofia ikirudishwa, masoko mengine hukata kwenye malipo yanayofuata, ukadhani umeuza kidogo. Na oda nyingi za wiki 2 za mwisho kabla ya Idd hazitakulipa kabla ya Idd. Sehemu ya mzigo huo mimi huuza dukani kwa taslimu, nikaagize tena kesho yake.

Jirani wa Mambrui
Dukani si utapunguziwa bei?

Bi wa Amu
Napunguza 100, na soko lingenikata 120.

Muuza Kofia, Malindi
Nitaanza kutenga tangu Rajabu. Kuna aliyewahi kumshawishi muuzaji wa jumla Mombasa apokee nusu, nusu baada ya Ijumaa? Wangu amekataa mara mbili.