Tupeane uzoefu: friji au kitanda cha mwenye nyumba kimekufa, orodha ya vifaa ilikusaidia?

Mpangaji wa Sinza
Wakuu, nimepanga apatimenti yenye vitu ndani, miezi sita nimelipa yote. Wiki iliyopita friji limeacha kugandisha. Mashine inanguruma usiku kucha, ila maji hayapoi na samaki nimemwaga. Mama mwenye nyumba anasema, "Ulilikuta zima, umeliua wewe." Ninayo orodha tuliyosaini siku ya kuingia, namba 7 inasema: "Friji 1, milango miwili, zima." Nani alishawahi kudai kingine kwa karatasi hiyo?

Kaka Mkubwa
Usihangaike. Nunua lako, tunza risiti, kata kwenye kodi. Mimi nilifanya hivyo Kijitonyama.

Bi Mkunde
Akate kodi ipi, na miezi sita ameshalipa? Mlikubaliana kwa maandishi?

Kaka Mkubwa
Kwa simu. Ila nilipohama aligoma kunirudishia laki mbili za dhamana, akasema friji hakuniagiza.

Bi Mkunde
Ndiyo hayo sasa. Mimi lilinikuta Mikocheni, friji hilohilo. Sikubishana kwa simu. Nilimwita fundi, nikamwomba aandike alichokiona kwenye karatasi yenye namba yake na tarehe. Kisha nikamtumia mwenye nyumba ujumbe, bado ninao:

"Shikamoo baba. Friji lililo namba 4 kwenye orodha tuliyosaini, lita 220, limeacha kupooza tangu Jumatatu. Nimeambatanisha picha ya siku niliyoingia, picha ya leo na maelezo ya fundi. Mkataba wetu kifungu cha 6 unasema matengenezo ya vifaa ni juu yako, isipokuwa nilichoharibu mimi. Naomba litengenezwe au libadilishwe kufikia Jumatatu ijayo."

Siku ya tano akaleta kifriji cha mlango mmoja, kile cha kuwekea soda. Nikamwonyesha palipoandikwa lita 220. Alinuna, akakirudisha, akalipa fundi. Jipya sikupata, ila lile likapona.

Msimamizi wa Nyumba
Nasimamia apatimenti za watu, nami naongezea kwa Bi Mkunde. Orodha peke yake haimlazimishi mtu kununua friji. Inathibitisha kwamba kitu kilikuwepo na kilikuwa katika hali gani. Wajibu wa kutengeneza unautafuta kwenye mkataba. Wengi wanapeperusha orodha, mkataba hawajausoma. Kama mkataba umenyamaza, hapo mnaanza kuzungumza, na kauli ya fundi ndiyo inakuwa na uzito.

Fundi Baridi
Mashine haipumziki na friji halipoi, mara nyingi gesi imepungua. Gesi haiishi kama mafuta ya gari, ikipungua basi imevuja. Fundi apake povu la sabuni kwenye mabomba, au atafute alama ya mafuta, kwa sababu mafuta ya mashine hutoka pamoja na gesi. Tundu likiwa kwenye bomba la nyuma lenye kutu, huo ni uzee. Likiwa ndani ya friza na pembeni kuna mkwaruzo, hapo kuna mtu alibandua barafu kwa kisu. Mpangaji, umewahi?

Mpangaji wa Sinza
Fundi, swali gumu hilo. Aprili nilitumia kisu cha mkate, kidogo tu.

Mzee wa Tegeta
Mimi friji ni langu, ila umeme wa nyumba ulipanda ukaliunguza. Naweza kumdai mwenye nyumba kwa orodha?

Bi Mkunde
Mzee wangu, kama ni lako, kwenye orodha yake utalionea wapi?

Dada Chaga
Kwangu ni kitanda. Kilivunjika chaga tatu usiku, mwenye nyumba akaniuliza mnalala wangapi! Orodha ilisema "kitanda 5 kwa 6, kizima". Kilichoniokoa ni picha niliyopiga kwa chini siku ya kuingia: mguu wa kati haukuwepo tangu mwanzo, chaga zote zilikuwa zimebeba uzito hewani. Nilidai kitanda kipya, nikapata chaga mpya na mguu. Mpaka leo naona nilipunjwa, kinalia kila nikigeuka.

Msimamizi wa Nyumba
Hukupunjwa. Kikitengenezeka, ametimiza.

Dada Chaga
Njoo ulalie wewe.

Mpangaji wa Sinza
Mrejesho. Fundi kaja leo. Kwenye friza kuna mikwaruzo, ila povu limetoka nyuma, kwenye bomba lililoliwa na kutu. Kaandika vyote viwili, sikumzuia. Mama kasoma, kanyamaza, halafu kasema Jumamosi ataleta friji la binti yake. Nimemuuliza lita ngapi. Kasema, "Orodha yako imesema milango miwili, na hili lina miwili." Nimelitazama kwenye picha alizotuma: linanifika kiunoni.

Bi Mkunde
Usilipokee kabla hamjaandika upya namba 7.